Shajara ya mradi: kilomita 80 kwa saa saba za mazoezi kwa wiki

Jumapili, 4 Januari 2026: hesabu ya saa

Mkimbiaji anayefuatiliwa humu ana kilo 65, ameshamaliza marathoni kadhaa, na ratiba yake ya kazi na familia inamwachia saa saba tu za kukimbia kwa wiki. Mbio anazolenga ni za kilomita 80, njia ya vumbi yenye vilima, jumla ya kupanda mita 1,800. Zinafanyika Jumamosi, 25 Aprili. Kwa uwezo wake hiyo ni kazi ya saa 10 hadi 11.

Kumkimbiza saa sita kwa mkupuo mmoja kila wiki mbili kungemaliza karibu muda wote wa wiki, na miguu isingekuwa tayari kwa lolote kabla ya Jumatano au Alhamisi. Kwa hiyo saa za mwishoni mwa wiki zimegawanywa mara mbili: mbio ndefu Jumamosi, nyingine Jumapili kabla mwili haujarudi sawa. Kinachotafutwa ni Jumapili. Jumamosi ipo ili kuichosha miguu, basi.

Mgawanyo wa kuanzia: Jumanne dakika 50, Alhamisi dakika 50, na mwishoni mwa wiki visizidi saa tano kwa siku zote mbili. Jozi hii ya Jumamosi na Jumapili inafanywa kila baada ya wiki mbili. Wikendi ya katikati ina mbio moja ya saa moja na nusu hadi mbili, taratibu. Wiki mbili za mwanzo ni za kuzoeza miguu, hazina la kuandika.

Jumapili, 18 Januari: jozi ya kwanza haikumchosha mtu

Jumamosi mbio za saa 2:00, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili saa 1:45, muda uleule. Zote mbili njia tambarare.

Jumapili ilikwenda vizuri kupita kiasi. Kasi na mapigo ya moyo vilikuwa sawa na vya Jumamosi, na juhudi aliyoitaja ilikuwa 4 kati ya 10 tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mtu anayejenga msingi wa marathoni hiyo ni wikendi nzuri. Kwa kuiga uchovu wa kilomita ya 50, haikufanya kazi.

Sababu ni pengo. Kutoka alipomaliza Jumamosi hadi alipoanza Jumapili zilipita saa 22, na katikati kulikuwa na milo mitatu na usiku mzima wa usingizi. Kwa mbio za saa mbili zilizokimbiwa polepole, muda huo unatosha kurudisha sehemu kubwa ya glaikojeni, ule wanga unaohifadhiwa kwenye misuli. Wengi wakifika hapa huongeza urefu: saa tatu na tatu. Mwenye saa saba kwa wiki hana pa kuongeza. Anachoweza kubadilisha ni saa ya kuanza.

Marekebisho: Jumamosi ihamie jioni, Jumapili ibaki alfajiri. Muda wa kukimbia haubadiliki, ila pengo linashuka hadi saa 11 hivi.

Jumapili, 1 Februari: pengo limefanya kazi, kasi imeharibu

Jumamosi saa kumi jioni, saa 2:15. Jumapili saa kumi na moja alfajiri, saa 2:00 kwa mpango.

Jumamosi alikimbia na kundi, na kundi lilikuwa na haraka zake. Mapigo yaliyopangwa yasizidi 140 yalikaa kwenye 150 na zaidi kwa zaidi ya saa nzima. Jumapili ilianza kwa kilomita moja dakika 6:50 na mapigo 138. Baada ya dakika 70 kasi ilikuwa 8:10, mapigo yameshuka hadi 126, na juhudi aliyoitaja ni 7. Alisimamishwa kwenye saa 1:30.

Hapa pana jambo la kusoma kwenye saa ya mkononi, maana watu wengi hulisoma vibaya. Kasi ikibaki palepale huku mapigo yakipanda, mara nyingi ni joto au upungufu wa maji: moyo unafanya kazi zaidi kwa mwendo uleule. Kasi ikishuka, mapigo nayo yakashuka, na bado mtu anahisi anajisukuma, tatizo liko kwenye misuli na kwenye wanga. Miguu haiwezi tena kuudai moyo kazi. Aliyesoma mapigo 126 akadhani mwili umepumzika, akaongeza mwendo, anajimaliza.

Uchovu wa namna hii ndio tuliokuwa tukiutafuta, lakini si kwa kiwango hiki. Mwendo umevunjika: hatua zinaburuzwa, kiwiliwili kimeinama kutoka kiunoni, mguu unatua mbali mbele ya mwili. Dakika thelathini za kukimbia hivyo hazifundishi kukimbia ukiwa umechoka. Zinafundisha mwendo mbovu, na kano ndizo zinazolipa.

Tulichobadilisha ni vitu viwili. Jumamosi ana kikomo: juhudi 4, aweze kusema sentensi nzima bila kuikatisha, na anakimbia peke yake au na mtu wa kasi ya chini yake. Jumapili ina kipimo cha kusimama: inagawanywa vipande vinne vya muda sawa kwenye njia ileile ya mzunguko, na kipande cha mwisho kisiwe polepole kuliko cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 7. Leo tofauti ilikuwa karibu asilimia 20.

Gharama nyingine ilikuwa usingizi. Kumaliza saa kumi na mbili na robo, kuoga, kula na kutulia kulimpeleka kitandani saa tano usiku, na saa kumi alikuwa macho. Saa tano za usingizi zinachosha, ila ni uchovu usiohitajika. Kuanzia sasa Jumamosi ni saa tisa alasiri. Pengo linakuwa karibu saa 12, na kitandani anaingia saa tatu na nusu.

Jumapili, 15 Februari: njaa si sehemu ya zoezi

Jumamosi saa 2:20, mapigo 133 hadi 139, kama ilivyopangwa. Kisha likajaribiwa wazo linalozunguka sana miongoni mwa wakimbiaji: kupunguza wanga kwenye chakula cha Jumamosi usiku ili Jumapili ianze na tangi tupu. Alikula mboga na protini, akalala.

Jumapili ilidumu dakika 55. Kizunguzungu kidogo, jasho la baridi, na hasira zisizo na sababu. Nyumbani alikula na kulala mchana wote, Jumatatu koo likawa linakwaruza, na mazoezi ya Jumanne yakafutwa. Kwa hiyo jaribio lilikula saa moja ya Jumapili na dakika 50 za Jumanne, karibu robo ya wiki yake.

Na halikuhitajika. Misuli hurudisha glaikojeni kwa takriban asilimia 5 kwa saa, hata mtu akila vizuri. Ndani ya saa 12 hakuna awezaye kulijaza tena ghala alilolimaliza Jumamosi. Hata akila kwa bidii, Jumapili ataanza na upungufu, na juu yake kuna misuli iliyochanika kidogo kidogo ambayo chakula cha usiku mmoja hakiirekebishi. Uchovu tayari upo. Kumnyima chakula kunaongeza tu hatari ya kuugua.

Utaratibu uliobaki hadi mwisho wa mradi ni huu. Ndani ya saa ya kwanza baada ya Jumamosi, gramu 65 za wanga, yaani gramu moja kwa kila kilo ya mwili, pamoja na gramu 25 za protini. Kabla ya kulala, jumla ya wanga ifike gramu 200 hadi 250, kwa vyakula vyepesi tumboni visivyo na mafuta mengi. Jumapili akiamka, kitu kidogo cha gramu 30, kisha akiwa njiani gramu 50 kwa saa kuanzia dakika ya 20. Asingoje njaa, akishaihisi barabarani ameshachelewa.

Jambo la pembeni: viatu vilivyoloa jasho Jumamosi jioni havikaushwi na usiku mmoja. Malengelenge mawili ya leo yalitoka kwenye soksi kavu ndani ya kiatu chenye unyevu. Jozi ya pili ya viatu, iliyokwisha kuzoewa, sasa ni ya Jumapili pekee.

Jumamosi, 28 Februari: mbio moja ya saa 4:30

Leo hakuna jozi. Kuna mambo ambayo kugawanya hakuyafikii, na ni bora kuyajua mapema.

La kwanza ni tumbo. Katika jozi, tumbo hupewa usiku mzima wa kutulia. Leo baada ya saa 3:15 jeli za wanga zilianza kumchefua, ilhali hakuwahi kupata shida hiyo katika wikendi zilizotangulia. Kubadilisha hadi kinywaji cha wanga kilichochanganywa maji mengi, kunywa kidogo kila dakika kumi, kulimrudisha sawa kwa saa iliyobaki. La pili ni nyayo: zilivimba, na kiatu kilichomtosha vizuri kwa saa mbili kilianza kubana vidole. Kiatu cha siku ya mbio kitakuwa kikubwa kwa nusu namba.

Saa tano za Jumamosi na Jumapili kwa hiyo hazilingani na saa tano mfululizo. Jozi hufundisha miguu kufanya kazi ikiwa imechoka, kwa gharama ndogo ya kupona. Tumbo, ngozi na akili ya saa ya sita vinabaki nje.

Gharama ya leo: Jumanne imekuwa matembezi ya dakika 30, Alhamisi kukimbia polepole.

Jumapili, 15 Machi: kushuka

Hadi sasa jozi zilikuwa za tambarare, na njia ya Aprili si tambarare. Kushuka ndiko kunakoumiza paja la mbele, kwa sababu msuli unavutwa kurefuka wakati huohuo unajikaza kuuzuia mwili usianguke. Wanaojiandaa kwa mbio za Comrades za Afrika Kusini katika mwaka wa kushuka, kutoka Pietermaritzburg kwenda Durban, wanalijua hili: pumzi inabaki, mapaja yanagoma.

Jumamosi iliwekwa kwenye vilima: saa 2:20, kushuka jumla ya mita 900. Ilikuwa nyingi mno kwa mara ya kwanza. Jumapili alfajiri bado aliweza kukimbia, kwani maumivu ya aina hii huwa hayajafika kileleni baada ya saa 12. Hilo ndilo linalodanganya. Alikimbia saa 1:50, vipande vinne vikaonekana vya kuridhisha, kisha Jumatatu na Jumanne akawa anashuka ngazi kinyumenyume. Maumivu yaliisha Alhamisi. Mazoezi yote mawili ya katikati ya wiki yalipotea.

Kwa anayetaka kunakili: anza na mita 300 hadi 400 za kushuka Jumamosi, hatua fupi na za haraka, magoti yasinyooke kabisa wakati wa kutua. Msuli ukishapata dozi moja, hujikinga kwa wiki kadhaa dhidi ya dozi ya pili, hivyo mita 600 wiki mbili baadaye hazitaumiza kwa kiwango kile. Dozi ya kwanza haina haja ya kuwa kubwa ili ukinzani huo ujengeke.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni hazitumiki kati ya Jumamosi na Jumapili. Zinaficha taarifa ambayo zoezi zima limetengenezwa kuitoa, na kwa mtu aliyepungukiwa maji zinaziongezea figo mzigo.

Kipimo kilichozaliwa wiki hii ni cha ngazi, kila Jumatatu asubuhi. Maumivu yakiwa sawa miguu yote miwili na yameenea kwenye msuli mzima, ni uchovu wa kawaida. Yakiwa upande mmoja, mahali panapoonyesheka kwa kidole kimoja, hasa kwenye mfupa wa ugoko au wa mguu, na yakizidi akirukaruka kwa mguu huo, mbio zinasimama hadi aonwe na daktari. Hapo hakuna cha kuvumilia.

Alhamisi, 19 Machi: Jumanne imehamishwa

Fupi tu. Vipande vya kasi vilivyokuwa Jumanne, dakika tatu mara tano, vimekuwa vikitoka vibovu kila wiki inayofuata jozi. Saa 48 baada ya Jumapili ndipo misuli ilipo katika hali mbaya zaidi. Vimehamia Alhamisi. Jumanne sasa ni dakika 40 za polepole, au kutembea endapo ngazi zimekataa.

Jumapili, 29 Machi: jozi kubwa

Hii ndiyo ya mwisho kwa ukubwa, wiki nne kabla ya mbio. Ili saa zitoshe, Jumanne ilikatwa hadi dakika 30 na Alhamisi dakika 40 bila kasi. Wiki nzima ilifika saa 6:40.

Jumamosi, saa nane na nusu mchana: saa 2:50 kwenye vilima, kupanda na kushuka mita 600. Milima mikali aliitembea, mikono ikisukuma juu ya magoti, kama atakavyofanya siku yenyewe. Wastani wa mapigo 134. Alimaliza akiwa na uwezo wa kuendelea saa nyingine, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wanga gramu 70 baada ya nusu saa, chakula kamili saa moja usiku, kitandani saa tatu.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, taa ya kichwani kwa dakika 50 za mwanzo: saa 2:40 kwenye mzunguko tambarare, vipande vinne vya dakika 40. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa mbaya, na ni kawaida ziwe hivyo. Miguu ni mizito hadi damu ichangamke, na hakuna uamuzi wa kuacha unaofanywa kabla ya dakika ya 30. Baada ya hapo vipande vilikuwa 7:05, 7:10, 7:20 na 7:25 kwa kilomita, mapigo 134, 135, 133 na 131. Tofauti ya kwanza na ya mwisho ni karibu asilimia 5. Juhudi ilipanda kutoka 5 hadi 6.

Kasi ya Jumapili hii ndiyo itakayotumika kuanzia mbio: sehemu tambarare asiende haraka kuliko 7:20, hata kama kilomita kumi za mwanzo zitahisi kama anapoteza muda. Kasi ya Jumamosi isiguswe katika hesabu hii. Ni ya miguu mipya, na miguu mipya itakuwepo kwa saa mbili tu za siku hiyo.

Jumatatu, ngazi: maumivu pande zote mbili, madogo. Yaliisha Jumatano.

Jumapili, 12 Aprili: kupunguza

Jozi ndogo ya mwisho imefanywa leo, saa 1:30 na saa 1:00, pengo likiwa saa 20 makusudi ili isiwe na makali. Kuanzia kesho muda unashuka hadi saa nne, kisha saa mbili katika wiki ya mbio. Hakuna kushuka milima tena.

Mkimbiaji alitaka kuongeza jozi moja kubwa leo kwa sababu ile ya 29 Machi ilimwendea vizuri. Imekataliwa. Faida ya jozi ya siku 13 kabla ya mbio ni ndogo sana, na uchovu wake unaweza kumfuata hadi mstari wa kuanzia.

Jumatatu, 27 Aprili: mbio zenyewe

Saa 10:48. Sehemu tambarare alizianza kwa 7:20 hadi 7:30, na hadi kilomita ya 60 kasi yake ya tambarare ilikuwa haijapita 7:55. Mapaja yalishuka kilima cha mwisho yakikimbia, na kwa saa saba kwa wiki tusingetarajia zaidi.

Tumbo halikufuata. Kwenye saa ya saba jeli zilikataliwa kabisa, na kwa dakika 50 hakuingiza zaidi ya gramu 15 za wanga. Kilomita zile zilikwenda kwa 10:30 na zaidi, nyingi akitembea. Viazi vya kuchemsha vyenye chumvi na vikombe vidogo vya soda vilimrudisha kwenye 8:40. Kipindi hicho kilimgharimu kama dakika 20, na kimetoka moja kwa moja kwenye pengo lililoonekana 28 Februari: saa 4:30 ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote alizowahi kula akikimbia.

Atakayenakili mpango huu abadilishe kitu kimoja. Jozi ya 1 Februari iondolewe, na mahali pake, wiki mbili au tatu kabla ya jozi kubwa, iwekwe mbio moja ya saa 5:00 hadi 5:30, nusu yake ikiwa ya kutembea haraka ili kupona kusichukue wiki nzima. Baada ya saa ya tatu ale vyakula vigumu, jeli zikae mfukoni. Wiki hiyo itavuka saa saba kwa dakika kadhaa, zikatwe Alhamisi.